Meseji ya kumwambia bosi unaumwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mi nimekaa miaka kadhaa kwenye dawati ambalo meseji za "leo sitakuja, naumwa" ndo zinatua, ofisi binafsi hapa Dar, kwa hiyo majibu haya ni ya mtu anayezipokea. Nimeandika zaidi kwa sisi tulioajiriwa sekta binafsi Tanzania, Kenya nimeigusa kidogo huko chini. Kama we ni mtumishi wa serikali una Kanuni zako za Kudumu za Utumishi wa Umma na taratibu zake, ila sehemu ya jinsi ya kuandika inakuhusu vilevile.

Hivi meseji yenyewe inatakiwa iwe na nini hasa?

Vitu vinne tu. Kwamba unaumwa na leo hufiki, lini utatoa taarifa nyingine, kazi gani ya leo haiwezi kukusubiri na nani anaishika, na kwamba karatasi ya hospitali itakuja. Basi. Ukihesabu ni kama sentensi nne, na jina la ugonjwa halimo hata moja.

Watu wengi wanachanganya mambo mawili, taarifa na uthibitisho. Meseji ni taarifa, kazi yake ni bosi ajue mapema apange watu wake. Uthibitisho ni ile karatasi ya daktari. Sasa mtu akiwa hajaenda hospitali bado anahisi hataaminika, basi anajaza meseji na dalili, mara kichwa, mara kiuno, mara nimetapika, ili uthibitisho utoke kwenye maneno. Hautoki. Meseji ya dalili kumi haimlazimishi mtu kukulipa hiyo siku, na karatasi yenye muhuri haihitaji dalili hata moja.

Nipe mfano wa kweli basi, sio nadharia.

Huu hapa, nimebadilisha vitu vidogo asijulikane mtu. Jamaa wa stoo, kijana mzuri tu, alituma hii saa 1 na dakika 50 asubuhi na kazi inaanza saa 2:

> Shikamoo bosi, samahani sana kwa usumbufu, jana usiku nilikula chipsi mayai pale kona kwa yule jamaa basi kuanzia saa sita usiku tumbo linakata naharisha mpaka sasa nimeenda chooni mara nane, mke wangu anasema niende hospitali ila hela haijakaa vizuri, nikipata nafuu nitajaribu kuja mchana Mungu akipenda, naomba ruhusa bosi wangu, samahani tena nisamehe sana

Isome kama bosi. Umeshajua idadi ya safari za chooni, umeshajua hali ya mfuko wake, umeshajua mke kasema nini, lakini hujui anakuja au haji. Na kitu kikubwa kuliko vyote hakimo: ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye. Saa 4 gari la mzigo likafika, dereva akasimama getini, stoo imefungwa, jamaa simu kaiweka chaji kalala. Tukamfuata kwake na bodaboda kuchukua ufunguo. Yaani ugonjwa wake hakuna aliyeukasirikia, tulichokasirikia ni ufunguo.

Afu wiki mbili nzima watu walikuwa wakimuita Chipsi Mayai, kwa sababu bosi alimsomea mtu mmoja tu ile meseji kwa utani na mtu mmoja anatosha.

Meseji hiyohiyo ingekuwa hivi:

> Shikamoo bosi. Naumwa, leo Jumanne tarehe 12 sitaweza kufika kazini. Naenda hospitali asubuhi hii, nitakujulisha nimepewa siku ngapi kabla ya saa 10 jioni, na karatasi ya hospitali nitaileta. Ufunguo wa stoo ninao, naomba mtu apitie kwangu kabla ya saa 3. Karatasi ya mzigo wa leo iko droo ya juu.

Angalia alichotoa. Chipsi mayai imetoka, kwa sababu ikibaki inageuka kesi ya "ulikula nini huko". Hela imetoka, kama una shida ya hela ya matibabu hilo ni ombi lingine na lina meseji yake au simu yake, ukilichomeka humu linaonekana kama ugonjwa ni njia ya kuomba mkopo. Mke katoka. Samahani tatu zimetoka, hujamkosea mtu. Na "nitajaribu kuja mchana" imetoka, hiyo nitaielezea peke yake kwa sababu ni mtego.

"Nitajaribu kuja mchana" ina ubaya gani? Si inaonyesha najali kazi?

Inaonyesha unajali, ndio, lakini unamfunga mikono bosi. Akishasoma hivyo hawezi kumpanga mtu mwingine kwenye nafasi yako, anakusubiri, mchana unafika hujaja na simu hupokei kwa sababu umelala, na mgonjwa kulala ni haki yake. Sasa mwanzo ulikuwa mgonjwa, saa 8 mchana umekuwa mtu aliyeahidi akakosa. Kama kweli nafuu itakuja, utakuja tu na hakuna atakayekurudisha getini. Usiahidi nafuu ambayo hujaipata.

Ahadi pekee inayofaa ni ya taarifa: "nitakujulisha kabla ya saa 10 jioni". Hiyo unaiweza hata ukiwa kitandani, na hata mtu wa nyumbani anaweza kukutumia.

Niandike "naomba ruhusa", "sijisikii vizuri" au "naumwa"? Si vyote sawa tu?

Hapana, na hapa ndo pana siri ya Kiswahili chetu cha ofisini.

"Sijisikii vizuri" ni lugha ya adabu, tunaitumia kulainisha, lakini kwa supavaiza mwenye haraka inasikika kama mlango uliofunguliwa nusu, atakujibu "pole, jikaze uje hata nusu siku". Na hajakosea, hujasema huji.

"Naomba ruhusa" ndo ya hatari zaidi. Ofisi nyingi ruhusa ni ile ya kwenda benki, kumpeleka mtoto shule, kuhudhuria msiba wa jirani. Mtu wa HR akipelekewa skrinshoti ya meseji inayosema "naomba ruhusa ya siku mbili" anaiandika kama ruhusa, na ruhusa sehemu nyingi inakatwa kwenye likizo yako ya mwaka au inakuwa siku isiyolipwa. Likizo ya ugonjwa ni fungu lingine kabisa kisheria. Nimeshaona mtu mwezi wa 12 anadai siku zake za likizo anaambiwa zimebaki tano, kumbe mwezi wa 6 aliumwa siku nne akaandika ruhusa, na karatasi ya daktari alikuwa nayo ndani ya begi hakuileta kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

"Naumwa, sitaweza kufika kazini leo" ni maneno matano na hayana njia mbili. Ukiona ni kali, weka salamu mbele na "naomba unielewe" nyuma, lakini neno naumwa libaki na tarehe ibaki.

Tarehe ya nini wakati meseji yenyewe ina tarehe?

Kwa sababu meseji zinasambazwa. Supavaiza anaipeleka kwa meneja jioni, meneja anaipeleka HR kesho yake, na ile "kesho sitakuja" yako sasa haijulikani kesho ipi. Andika siku na tarehe, "Jumatano tarehe 13". Na saa pia, kama bosi wako sio Mswahili wa hapa, usimwandikie saa 2 akadhani ni saa 8 mchana, andika 8:00 asubuhi hapo hamtapotezana.

Kwanza nimsalimie nisubiri aitikie au nimwage yote mara moja?

Weka yote kwenye meseji moja jamani. Najua tulivyolelewa, mtu mzima unamsalimia kwanza, akiitikia ndo unaeleza shida. Ana kwa ana ni sawa kabisa. Kwenye wasapu mtu anatuma "Shikamoo bosi" saa 12 na nusu, bosi yuko kwenye foleni anaendesha, anaiona anasema nitaitikia nikifika, anafika saa 2 na robo anaandika "Marahaba, habari?" halafu we umeshalala. Ofisi inajua unaumwa saa 5.

Shikamoo au habari za asubuhi iwe neno la kwanza, nukta, na mstari uleule unaendelea naumwa. Heshima iko palepale, na anayesoma kwa juujuu bila kufungua simu anaona kila kitu.

Nitume saa ngapi?

Kabla kazi haijaanza, hiyo ndo kanuni, na mapema iwezekanavyo kama kuna mtu anakusubiri umpokee. Nesi wa zamu ya usiku, mlinzi, mpokea simu, hawa mwenzako hawezi kuondoka mpaka ufike, kwa hiyo ukiona usiku hali imekuwa mbaya tuma usiku uleule, atakayeamka ataiona. Angalia na mwongozo wa kampuni yenu, baadhi wameandika kabisa saa ya mwisho ya kutoa taarifa na nani wa kupewa, na wengine wanataka simu na sio meseji. Kama wanataka simu, piga, sema yaleyale mambo manne, halafu tuma meseji fupi "kama nilivyokueleza kwa simu..." ili pabaki na maandishi. Simu haina kumbukumbu, na ubishi wote ninaoujua kuhusu likizo ya ugonjwa uliishia kwenye "mi nilikupigia" na "hukunipigia".

Naweza kuweka kwenye grupu la ofisi ili wote wajue?

Usifanye hivyo. Grupu la watu arobaini, unaweka "naumwa", zinakuja pole arobaini na imoji za maua, bosi aliyenyamazisha grupu haioni, na mmoja lazima atauliza "unaumwa nini mpenzi?" mbele ya watu wote. Hapo ukijibu umemwaga, usipojibu unaonekana unaficha.

Mtumie bosi wako wa moja kwa moja, na HR kama utaratibu unasema hivyo. Mwenzako anayeshika kazi yako mwandikie kivyake, "leo sipo, naomba unishikie hili na hili", naye hahitaji sababu.

Voisi pia hapana. Mgonjwa akirekodi voisi anaongea dakika mbili na nusu, anakohoa katikati, mtoto analia nyuma, na bosi hawezi kuifungua akiwa kikaoni. Voisi haipelekwi HR kirahisi, na sauti ya kuumwa ikishasikika ya kuigiza hata kama sio, umeharibu.

Bosi akiuliza "pole, unaumwa nini?" nimjibu vipi bila kuonekana mkorofi?

Kwanza tulia, kwa sisi "unaumwa nini" mara nyingi sio uchunguzi, ni pole tu. Mtu asipouliza ndo utasema hanijali. Kwa hiyo usimjibu kwa sheria, mjibu kwa shukrani halafu mpeleke kwenye kitu anachokihitaji kikazi:

> Asante sana bosi, nimeshapoa kidogo. Nimeonana na daktari, amesema nipumzike mpaka Alhamisi tarehe 14.

Umemjibu, hukumkatalia, na hukusema kitu. Tisa kwa kumi inaishia hapo. Akirudia tena, "lakini ni nini hasa?", unaweza kusema "ni jambo la kiafya tu bosi, daktari analisimamia, nikirudi nitakuwa sawa kwa kazi". Akirudia mara ya tatu mwambie utawasilisha karatasi HR.

Hii inabeba kila kitu, maumivu ya hedhi, bawasiri, presha, msongo wa mawazo, dozi unayotumia kila siku, mimba iliyoharibika. Vyote hivyo kwenye meseji vinaitwa naumwa. Na usijaribu kubadilisha ugonjwa kuwa malaria kwa sababu malaria haina aibu, maana karatasi ikija ina neno lingine au imetoka kliniki ya mambo mengine kabisa, sasa umekuwa muongo kwa swali ambalo hukulazimika kulijibu.

Kisheria, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Kenya wana yao ya 2019. Maana yake ofisi ikishapata taarifa ya ugonjwa wako ina wajibu wa kuitunza, haitakiwi kuzunguka. Ila ile uliyoiandika mwenyewe kwenye grupu la watu arobaini, hapo utamshtaki nani.

Kuna wakati inabidi niseme ugonjwa?

Upo, sio mwingi. Ukiumia kazini sema kabisa, umeumia wapi, saa ngapi, ukifanya nini, na nani aliona, kwa sababu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na dai lako linaanzia kwenye taarifa. Hapo kuwa mfupi kupita kiasi kunakuumiza mwenyewe. Ukiwa unashika chakula cha watu, mpishi au mhudumu, na una kuhara au kutapika, mwambie bosi "sitakiwi kushika chakula mpaka daktari aniruhusu". Ukiwa na kitu cha kuambukiza ambacho wenzako wa chumba kimoja wanahitaji kupimwa, daktari atakwambia nini cha kufanya, na bado ni kwa bosi au HR peke yake.

Na mimba, likizo ya uzazi ina taratibu zake, sheria ya Tanzania inataka umpe mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makadirio pamoja na cheti cha daktari. Ila kichefuchefu cha wiki ya saba, hicho bado ni naumwa.

ED ni lazima hata kwa siku moja?

Kwa wasioijua, ED ndo ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha, inatamkwa idi na haina uhusiano na pilau. Wakenya wao wanasema siki ofu.

Kisheria iko hivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32, inakupa angalau siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara. Lakini kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kukulipa kama hukuleta cheti cha daktari. Hakuna mahali kimeandika siku moja ya bure. Kampuni nyingi zinavumilia siku moja bila karatasi, huo ni ustaarabu wao au sera yao ya ndani, kaisome usiambiwe na mwenzako. Na kama hujatimiza miezi sita kazini, haki hiyo ya likizo ya kulipwa kwa kawaida bado hujaifikia, kwa hiyo meseji yako iwe ya adabu zaidi kidogo.

Kenya ni tofauti sana na watu wanadanganyana mitandaoni kwa kuchanganya nchi. Kule Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inahitaji uwe umemaliza miezi 2 mfululizo, halafu unapata angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila miezi 12, na cheti pia kinatakiwa. Mkataba wako unaweza kukupa zaidi, haiwezi kuwa chini.

Kwenye karatasi niangalie nini kabla sijaondoka hospitali?

Hili nalipenda maana ndo linalokwamisha watu wakati wameshapona. Angalia jina, liwe lile la kwenye mkataba wako na sio jina la nyumbani. Angalia muhuri na sahihi ya daktari. Halafu angalia tarehe ya kuanza, hapa ndo wengi wanakwama. Uliumwa Jumatatu ukalala nyumbani ukimeza panadol, Jumanne ukaenda hospitali, daktari akaandika siku tatu kuanzia Jumanne. Jumatatu yako haina karatasi! Daktari muaminifu haandiki nyuma siku ambayo hakukuona, na usimlazimishe. Kwa hiyo kama unajua ofisi yenu inabana, nenda siku ileile ya kwanza, hata kituo cha afya cha mtaani kilichosajiliwa kinatosha.

Angalia pia kama siku zimeandikwa kwa namba na kwa maneno, na kama Jumamosi imo. Wewe unafanya kazi Jumamosi, ED inaishia Ijumaa, Jumamosi unatakiwa uonekane.

Na kilichoandikwa kwenye nafasi ya ugonjwa. Fomu nyingine zina hiyo nafasi, nyingine hazina. Mwambie tu daktari "hii naipeleka ofisini, naomba usiandike ugonjwa", wengi wanaandika "anapatiwa matibabu" na siku za kupumzika. Ukipiga picha, piga ED peke yake. Watu wanapiga picha rundo zima mezani, majibu ya maabara, risiti ya dawa, fomu ya bima, wanatuma. Risiti ya dawa inasema ugonjwa wako kwa sauti kubwa kuliko ungesema mwenyewe, anayejua dawa akisoma majina mawili ameshajua.

HR wakiwa na shaka wanaweza kupiga hospitali kuuliza kama karatasi ni ya kwao. Kwa hiyo ile biashara ya kununua ED nyuma ya duka la dawa achana nayo kabisa, kughushi ni udanganyifu na watu wamefukuzwa kwa karatasi ya siku moja, siku ambayo wangeomba tu ruhusa wangepewa.

Siku zimeisha na bado naumwa, naandika tena?

Ndio, na tuma jioni ya siku ya mwisho, usisubiri asubuhi ya siku unayotarajiwa. Hii watu wanaisahau sana kwa sababu wanaona "si wanajua naumwa". Wanajua uliumwa mpaka tarehe 14. Tarehe 15 kwao we ni mzima ambaye hayupo.

> Habari za jioni bosi. ED yangu inaishia leo tarehe 14, bado sijapona. Kesho asubuhi narudi kwa daktari, nitakutumia karatasi mpya kabla ya saa 6 mchana.

Usiidharau hii meseji ya mistari mitatu. Kwenye kanuni za utendaji bora za ajira za Tanzania za 2007, kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika ni moja ya makosa yanayoweza kukuondoa kazini. Mgonjwa wa kweli aliyenyamaza anaanza kuonekana kwenye daftari sawasawa na mtoro.

Nimelazwa, siwezi hata kushika simu.

Mtu wako akuandikie. Mke, mume, dada, jirani, yeyote. "Mimi ni dada yake fulani, ameumwa amelazwa tangu jana, hataweza kufika kazini, tutawajulisha hali yake Ijumaa." Sheria ya Kenya imesema wazi kwamba unaweza kutoa taarifa mwenyewe au kumfanya mtu mwingine aitoe, na Tanzania sijawahi kuona ofisi iliyokataa meseji ya ndugu. Shida ni kwamba huyu ndugu hajui mipaka yako, akipigiwa atasimulia kila kitu toka dalili ya kwanza, na wodi atataja. Mpange sasa hivi ukiwa mzima, mwambie ikitokea, sema nimelazwa na basi, na namba ya bosi muachie.

Wodi ikijulikana ofisi itakuja na juisi na mchango, hilo ni jambo jema, ila iwe we ndo umekaribisha.

Anayeumwa ni mtoto wangu, niseme naumwa mimi?

Usiseme. Sheria ya Tanzania, kifungu cha 34, ina angalau siku 4 za kulipwa ndani ya mzunguko huo wa miezi 36 kwa mtoto kuumwa au kufariki, au kufiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa tumbo moja. Ni siku 4 kwa jumla, sio kwa kila tukio, kwa hiyo zinaisha haraka. Mzazi kuumwa hayumo humo, hapo ndo neno ruhusa linafaa, au siku za likizo yako. Andika "mwanangu anaumwa, niko naye hospitali, leo tarehe 12 sitafika". Ukisema unaumwa wewe halafu mtu akakuona kwenye benchi la kliniki ya watoto, umepoteza siku zako na uaminifu wako.

Kwa imeili niandike tofauti?

Kidogo tu. Kichwa cha habari kiandike "Taarifa ya ugonjwa, jina lako, tarehe", ndani mistari ileile, bosi kwenye sehemu ya "Kwa" na HR kwenye nakala, wasiohusika usiwaweke. Kama ofisi yenu inaandikiana Kiingereza muundo haubadiliki. Jibu la kujiendesha la imeili liseme haupo mpaka lini na nani atafutwe, neno ugonjwa lisiwemo, wateja hawahusiki.

Nimeshatuma ndefu, yenye kila kitu. Nifanyeje?

Kama ni wasapu una dakika 15 za kuihariri, ifungue, futa katikati, bakiza salamu, naumwa, tarehe na kazi. Itaandika kwamba imehaririwa, sio tatizo. Zikipita unaweza kuifuta kwa wote, ila itabaki ile alama kwamba ujumbe umefutwa, na bosi aliyeamka saa 12 akikuta alama hiyo peke yake atakupigia. Kwa hiyo ukifuta, tuma ile fupi palepale chini yake. Na kama ameshasoma na ameshakujibu pole, iache, usiongeze ya pili ya kujieleza, lala.